Kabla ya Kwenda Uvira

Mikataba mingi ya biashara inayoandikwa Baraka huishia na mstari mmoja, kwa kawaida umenakiliwa kwa Kifaransa kutoka mkataba wa zamani: mgogoro wowote utamalizwa kwa amani, na ikishindikana utapelekwa mbele ya mahakama yenye mamlaka. Siku ya kutia saini hakuna anayeutazama. Siku pesa zinapozuiliwa, kila upande unaugeukia, na hapo ndipo inaonekana kwamba hausemi kitu. Nani anatakiwa kuanza kuongea? Kwa barua au kwa simu? Amani hiyo inatafutwa kwa siku ngapi? Na nani ana haki ya kutamka kwamba imeshindikana?

Mstari wa namna hiyo huwadhuru watu kwa njia mbili zinazopingana. Mwenye haraka anakwenda mahakamani kesho yake, na jaji anampokea kwa sababu hakuna alichokiuka. Mwenye deni naye anaweza kusema kila wiki kwamba mazungumzo bado yanaendelea, akala mwaka mzima huku mwenzake mwoga akisubiri. Sura hii ni juu ya kuuandika upya mstari huo uwe kifungu cha ngazi tatu, yaani kuongea, kisha kupatanishwa, kisha hukumu, ili kila ngazi iwe na nguvu mbele ya jaji. Nitatumia maneno haya bila kuyachanganya: mpatanishi husaidia watu wakubaliane wenyewe, wala hana uwezo wa kuamua; mwamuzi ni mtu binafsi aliyechaguliwa na pande mbili, na hukumu yake inawafunga; jaji ni wa serikali.

Tuanze na jinsi majaji wanavyousoma mstari ule. Mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa, ambayo maamuzi yake husomwa sana na mawakili wa Kongo kwa sababu sheria yetu ya mikataba ya 1888 ilizaliwa katika familia moja na yao, iliamua tarehe 14 Februari 2003 kwamba kifungu kinacholazimisha upatanishi kabla ya kesi kinamfunga jaji: kesi iliyoruka ngazi haipokelewi, mradi upande wa pili useme hivyo. Tarehe 29 Aprili 2014, katika kesi ya kampuni ya Medissimo, mahakama hiyohiyo ikaonyesha mpaka wa kanuni hiyo. Kifungu kilichosema tu kwamba pande mbili zitajaribu kumaliza mambo kwa amani, bila kueleza jaribio hilo lifanyike vipi, hakikuhesabiwa kuwa ngazi ya lazima. Aliyekwenda mahakamani moja kwa moja hakuwa na kosa.

Mwaka huohuo, London, Jaji Teare alikuwa na mkataba wa kununua madini ya chuma kati ya Emirates Trading Agency na Prime Mineral Exports. Ulisema pande mbili kwanza zitafute suluhu kwa mazungumzo ya kirafiki, na suluhu isipopatikana kwa wiki nne mfululizo, upande usiokiuka mkataba unaweza kwenda kwa waamuzi. Mahakama za Uingereza kwa muda mrefu zilikuwa zimekataa kulazimisha watu waongee, zikisema hakuna kipimo cha kujua kama mtu ameongea au la. Jaji Teare alikiona kifungu hiki kina nguvu, na zile wiki nne zilikuwa na uzito mkubwa katika hoja yake. Kwa hiyo nchi mbili zenye sheria za asili tofauti zilikaribiana: jaji hukilinda kifungu anachoweza kukipima kwa kalenda na kwa karatasi.

Kwa mfanyabiashara wa Fizi, hata hivyo, sheria iliyo karibu zaidi haitoki Paris wala London. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika OHADA, jumuiya ya sheria za biashara ya nchi 17 za Afrika, tangu tarehe 12 Septemba 2012. Tarehe 23 Novemba 2017, mjini Conakry, OHADA ilipitisha sheria mbili zilizoanza kutumika tarehe 15 Machi 2018: moja mpya ya upatanishi, na nyingine iliyorekebisha kazi ya waamuzi. Zinatumika Baraka sawasawa na Abidjan, bila kusubiri Kinshasa itunge kitu kingine.

Katika sheria ya upatanishi, kipengele cha 15 ndicho cha kukariri. Kinasema kwamba pande zilizokubaliana kupatanishwa zikiwa zimejifunga waziwazi kutofungua kesi kwa muda fulani, au mpaka jambo fulani litokee, basi jaji au mwamuzi ataheshimu ahadi hiyo mpaka masharti yake yatimie. Uzito wote uko kwenye mambo mawili. Ahadi ya kutofungua kesi lazima iwe imesemwa waziwazi, haitoshi kudokezwa; na lazima iwe na mwisho. Kifungu kinachosema tu kwamba tutapatanishwa hakina ahadi hiyo ndani yake, na mikataba mingi niliyoisoma inaanguka hapo. Kipengele cha 8-1 cha sheria ya waamuzi kinaongeza la kwake: mwamuzi akiombwa na upande mmoja huangalia kama ngazi ya awali ilipandwa; kama haikuanzwa kabisa, anasimamisha kesi kwa muda anaouona unafaa ili ianzwe; kama ilianzwa na ikafeli, anaandika kwamba imefeli na kuendelea.

Sasa tuufanye mfano. Watu wake ni wa kubuni, lakini biashara yao ni ya kila siku katika mwambao huu. Ushirika wa wakulima wa mawese wa sekta ya Mutambala unamuuzia mfanyabiashara wa Uvira bidoni 600 za lita 20, kila bidoni dola 15. Jumla ni dola 9,000. Mnunuzi ametoa dola 3,000 mbele. Dola 6,000 zitalipwa baada ya kupokea mzigo Baraka, bandarini. Tarehe 2 Machi mzigo unapokelewa. Watu wa mnunuzi wanafungua bidoni kadhaa, wanaweka mafuta kwenye sufuria juu ya moto, na baadhi yanarukaruka kwa kelele, alama ya maji ndani yake. Wanahesabu bidoni 180 zenye maji na uchafu chini. Mnunuzi anarudi Uvira na kuzuia dola 6,000 zote. Ushirika unasema maji yaliingia kwenye bidoni chafu ambazo mnunuzi mwenyewe alizileta.

Kama mkataba wao una ule mstari wa zamani, kila mmoja sasa anapiga simu kwa kaka yake anayemjua mtu serikalini. Kama una kifungu kifuatacho, mambo yanakwenda kwa namna nyingine.

"Moja. Upande wenye lalamiko utampelekea mwenzake barua inayoeleza lalamiko, kiasi kinachodaiwa na jina la mtu wake mwenye mamlaka ya kukubaliana. Barua itakabidhiwa kwa mkono na kutiwa saini ya kupokea, au itatumwa kwa namba ya WhatsApp iliyoandikwa juu ya mkataba huu. Watu wenye mamlaka wa pande mbili watakutana Baraka, au kwa simu, angalau mara moja ndani ya siku 15 tangu barua ipokelewe. Asipotokea mmoja, ngazi hii imekwisha siku ya 15.

Mbili. Siku hizo zikiisha bila makubaliano ya maandishi, upande wowote utampelekea mwenzake na mpatanishi mwaliko wa maandishi wa upatanishi. Mpatanishi ni mtu aliyetajwa mwishoni mwa mkataba. Akikataa, akifariki, akihama au asipojibu ndani ya siku 5, atafuata wa pili aliyetajwa. Upatanishi unaisha siku 30 tangu mwaliko, au mapema zaidi kwa makubaliano yaliyotiwa saini, au kwa karatasi ya mpatanishi inayosema haiwezekani kuendelea. Gharama zake ni nusu kwa nusu.

Tatu. Pande mbili zinajifunga kutofungua kesi yoyote kabla ngazi ya pili haijaisha, isipokuwa maombi ya haraka ya kuhifadhi mali au ushahidi. Baada ya hapo mgogoro utaamuliwa na mahakama yenye mamlaka ya biashara Uvira. Kama mahakama hiyo haifanyi kazi siku ya kufungua kesi, utaamuliwa na mahakama ya namna hiyo Kalemie."

Kuna neno juu ya ile saini ya kupokea. Watu wa Baraka huiita desharji, na wengi huiona kuwa jambo la ofisi za serikali. Katika kifungu hiki ndiyo inayoanzisha saa. Bila desharji, siku ya 15 haijulikani, na ngazi nzima inabaki maneno ya mdomo. WhatsApp nimeiweka kwa sababu barabara ya taifa namba 5 kati ya Baraka na Uvira, kama kilomita 90, haipitiki kila siku, mara kwa mvua, mara kwa bunduki. Lakini namba lazima iandikwe ndani ya mkataba, ili kesho mtu asiseme ujumbe ulikwenda kwa simu ya dereva. Na kwa sababu mtandao nao hukatika, mimi huongeza sentensi moja: barabara na mtandao vikikatika vyote pamoja, hesabu ya siku inasimama, lakini kusimama huko kusizidi siku 30 kwa jumla. Bila kikomo hicho, vita vya milimani vinageuka kuwa sababu ya kutolipa milele.

Tuhesabu siku za mfano wetu. Tarehe 9 Machi ushirika unapeleka barua ya kudai dola 6,000 na unapata desharji. Siku 15 zinaisha tarehe 24. Mnunuzi anamtuma karani wake, ambaye anasikiliza vizuri na mwishoni anasema lazima amuulize bosi. Kwa mkataba wa kawaida huo ungekuwa mkutano. Kwa kifungu chetu sio, kwa sababu karani hana mamlaka, na siku ya 15 ngazi inaisha bila kumsubiri bosi. Tarehe 25 Machi ushirika unapeleka mwaliko wa upatanishi. Siku 30 zinafika tarehe 24 Aprili. Kwa hiyo tangu barua ya kwanza mpaka mlango wa mahakama kufunguka ni siku 46, na kila upande unaijua tarehe hiyo tangu mwanzo.

Katikati ya siku hizo kuna tarehe nyingine ambayo haimo ndani ya kifungu, na imewakamata wengi. Sheria ya OHADA ya biashara ya jumla inamtaka mnunuzi amjulishe muuzaji kasoro inayoonekana siku ya kupokea mzigo ndani ya mwezi mmoja tangu kupokea, ama sivyo anapoteza haki ya kulalamikia kasoro hiyo. Mawese yenye maji yaliyopimwa bandarini ni kasoro inayoonekana. Mwezi huo unaisha tarehe 2 Aprili, wakati upatanishi ndio kwanza una siku chache. Mnunuzi anayedhani kwamba kwa kuwa wanaongea basi kila kitu kimesimama, anaamka tarehe 3 Aprili akiwa hana tena lalamiko la kisheria juu ya zile bidoni 180, hata kama kila mtu aliyekuwa bandarini aliyaona maji. Taarifa ya kasoro ni karatasi ya peke yake. Ipelekwe mara moja, ikiwa na hesabu ya bidoni, na ikiwezekana na bidoni mbili tatu zilizofungwa na kutiwa saini na pande zote mbili.

Jambo la ukomo wa kufungua kesi linafanana na hilo. Kwa mauziano ya kibiashara OHADA inatoa miaka miwili. Upatanishi ukianza, sheria inasimamisha hesabu ya miaka hiyo, na ukifeli inamwachia mdai angalau miezi sita. Mazungumzo ya ngazi ya kwanza hayapewi zawadi hiyo. Ndiyo sababu yangu ya kuifanya ngazi ya kwanza kuwa fupi. Nimeona vifungu vinavyotoa miezi mitatu ya kuongea, vikidhani vinaonyesha ukarimu. Katika mazungumzo ya siku 15 mtu anayetaka kulipa ameshasema atalipa lini, na asiyetaka ameshajulikana.

Sasa mnunuzi wetu akiamua kuruka. Tarehe 1 Aprili, badala ya kumjibu mpatanishi, anafungua kesi Uvira akidai arudishiwe dola 3,000 alizotanguliza. Avoka wa ushirika hahitaji kujibu habari ya maji wala bidoni. Anaweka mezani vitu vitatu: mkataba wenye ahadi ya kutofungua kesi, mwaliko wa tarehe 25 Machi wenye desharji, na kalenda inayoonyesha kwamba siku 30 hazijaisha. Kipengele cha 15 kinamtaka jaji aiheshimu ahadi. Lakini avoka lazima aseme hivyo mwanzoni kabisa, kabla ya kuanza kubishana juu ya mafuta. Akishajitetea juu ya kiini cha kesi na kukumbuka kifungu miezi miwili baadaye, anajiweka mahali pabaya: jaji ana sababu ya kuona kwamba ushirika wenyewe umeiacha ngazi yake.

Ule mlango mdogo wa maombi ya haraka usisahauliwe. Mawese yanaweza kupakiwa kwenye boti usiku na asubuhi yakawa Rumonge, upande wa Burundi. Sheria ya upatanishi yenyewe haimzuii mtu kuomba amri ya kuhifadhi mali wakati upatanishi unaendelea, lakini mimi hupenda iandikwe ndani ya kifungu, kwa sababu jaji anayesoma ahadi kali ya kutofungua kesi anaweza kusita pale ambapo kila saa ina maana.

Tuje kwa mpatanishi, maana hapa Fizi ina utajiri wake na hatari zake. Wabembe tangu zamani wana lubunga, mahali wanaume wa ukoo wanapoketi na kuzungumza jambo mpaka likaeleweka. Jamii nyingine za teritwari nazo zina wazee na mabaraza yao, na makanisa ya Baraka hupatanisha watu kila wiki. Hakuna sababu ya kuagiza mpatanishi kutoka Kinshasa. Mchungaji, mwalimu mstaafu, chefu wa grupema, mama mfanyabiashara anayeheshimiwa bandarini, wote wanaweza kutajwa. Sheria inamtaka mpatanishi athibitishe kwa maandishi kwamba hana upande na kwamba ana nafasi ya kuifanya kazi hiyo. Karatasi ya mistari mitatu inatosha, na kuidai mapema huepusha aibu ya kugundua katikati ya kikao kwamba mpatanishi ni shemeji wa mwenyekiti wa ushirika.

Tofauti kubwa na kikao cha wazee iko kwenye masikio. Lubunga husikilizwa na watu. Huko ndiko nguvu yake ilikotoka, kwa sababu aliyekiri mbele ya ukoo hawezi kukana. Upatanishi wa sheria ya OHADA ni wa siri. Kilichosemwa ndani, pendekezo lililotolewa, kosa lililokiriwa kwa ajili ya kutafuta suluhu, havipelekwi mbele ya jaji kama ushahidi. Watu wa kwetu wakikaa na mpatanishi huku majirani wamejaa dirishani, mnunuzi hatasema kwamba bidoni zake zilikuwa chafu, wala mwenyekiti hatakiri kwamba mafuta hayakuchemshwa vya kutosha. Wote wawili wanaogopa maneno yao yatasafiri. Kwa hiyo mpatanishi aliyezoea baraza aambiwe mapema kwamba hapa anakaa na wahusika peke yao, na kwamba anaweza kukaa na mmoja mmoja kwa zamu. Na aambiwe jambo la pili, lililo gumu zaidi kwa chefu aliyezoea kuamua: hapa hahukumu. Akitoa hukumu, hiyo haina nguvu ya kisheria, na upande ulioshindwa utasema mbele ya jaji kwamba upatanishi haukufanyika kabisa. Pia, pande mbili zisipokubaliana vingine, mpatanishi hawezi kugeuka kuwa mwamuzi wa mgogoro uleule.

Uchaguzi wa majina ndio unaoharibu vifungu vingi vizuri. Wanaandika jina la kituo ambacho hakipo, au cheo ambacho hakina mtu. Wanaandika jina la mzee mmoja tu, na mzee anakimbilia Nyarugusu, ng'ambo ya Tanganyika, kama maelfu ya watu wa Fizi walivyofanya tangu vita vya 1996. Ndiyo maana kifungu chetu kina jina la pili na siku 5 za kujibu. Wote wawili wakikosekana, ongezeni cheo kinachodumu, kwa mfano kiongozi wa tawi la karibu la FEC, shirikisho la wafanyabiashara, mkiwa mmeshahakikisha kwamba tawi hilo lipo na kwamba kiongozi wake amekubali kuwateulia mtu.

Ngazi ya tatu inataka uchaguzi mmoja. Vifungu vinavyosema mgogoro utapelekwa kwa waamuzi au mahakamani vinazaa kesi ya kwanza juu ya mahali pa kesi ya pili. Kwa dola 9,000 za mawese mimi nachagua jaji bila kusita. Mwamuzi analipwa na pande mbili, na vituo vya waamuzi vinavyojulikana nchini, kama CENACOM, viko Kinshasa. Kwa mkataba mkubwa, kwa mfano boti la abiria linalomilikiwa na ndugu watatu walioko Baraka, Kalemie na Kigoma, mwamuzi ana maana, kwa kuwa hakuna anayetaka kushtakiwa mbele ya jaji wa nchi ya mwenzake. Hapo andikeni mwamuzi mmoja, mahali pa makao ya kesi, lugha, na nani atamteua mkishindwa kukubaliana. Msipoandika muda wa kazi yake, sheria inampa miezi sita tangu alipoikubali.

Kuna waliouliza kwa nini niliandika Kalemie nyuma ya Uvira. Februari 2025 M23 walichukua Bukavu, na Desemba mwaka huohuo wakaingia Uvira. Mfanyabiashara aliyekuwa ameandika mji mmoja tu kwenye mkataba wake alijikuta na haki isiyokuwa na mlango. Kalemie inafikika kwa maji kutoka Baraka. Wengine wataona mji mwingine unawafaa zaidi. La lazima ni kwamba sharti la kuhamia mji wa pili liwe jambo la kuonekana kwa macho, yaani mahakama haifanyi kazi siku ya kufungua kesi, lisiwe hisia za mtu kwamba hali sio nzuri.

Turudi bandarini. Tarehe 14 Aprili mpatanishi, baada ya kukaa na kila upande peke yake, anawaleta pamoja. Bidoni 420 nzuri zitalipwa bei kamili, dola 6,300, na kwa kuwa dola 3,000 zilishatolewa, mnunuzi atatoa 3,300 ndani ya siku 7. Bidoni 180 ushirika utazichemsha na kuzichuja upya kwa gharama yake ndani ya siku 10, na mnunuzi atazichukua kwa dola 11 badala ya 15, yaani dola 1,980. Ushirika umepoteza dola 720 na kuni. Mnunuzi amepata mzigo wake wote kabla bei ya Uvira haijabadilika.

Makubaliano hayo yaandikwe siku ileile, kwa Kiswahili ambacho wakulima wanakielewa na kwa Kifaransa ambacho jaji atakisoma, yakitaja nakala ipi itafuatwa zikitofautiana. Kisha yasiachwe kwenye daftari la mpatanishi. Tayari yanawafunga waliotia saini, lakini hayajampa mtu uwezo wa kumtuma hushe akakamate mali. Njia ni mbili. Pande mbili zikienda pamoja, zinaweza kuyaweka kwa notere. Au upande mmoja wenyewe unayapeleka kwa jaji ayathibitishe na kuyapa nguvu ya hukumu, na mwenzake hawezi kuzuia kwa kukataa kuja. Jaji huyo haruhusiwi kubadili hata neno moja la walichokubaliana. Anaangalia kama karatasi ni ya kweli na kama haivunji utaratibu wa umma. Asipojibu ndani ya siku 15 za kazi tangu ombi liwekwe, makubaliano yanahesabiwa yamethibitishwa, na mwenye kutaka kuyapinga atapaswa kufika mpaka Mahakama ya Pamoja ya OHADA, Abidjan. Kwa hiyo siku ya kuweka ombi nayo inahitaji desharji ya karani wa mahakama, yenye tarehe na muhuri, kwa sababu siku ya 16 ya kazi hiyo ndiyo karatasi itakayoombwa.